Vero E6 au Calu-3, panya au hamsta: uchague kipi ukitaka kujua kama dawa inazuia korona kuingia kwenye seli

Mdogo wetu mmoja hapa Tanga anasoma masta, na utafiti wake ni yale majani tuliyokuwa tunajifukizia kipindi cha nyungu, mchaichai, mwarobaini na mkaratusi, anataka kupima kama dondoo zake zinazuia kirusi cha korona kuingia kwenye seli. Juzi kaniandikia: "Shikamoo kaka, hela niliyonayo inatosha seli za aina moja tu, nichukue Vero au Calu-3? Na supavaiza anasema mbele huko twende kwa wanyama, si panya wapo wengi tu?"

Swali zuri sana hili, na najua yupo zaidi ya mmoja anayelibeba, kwahiyo namjibu hapa kila mtu asome. Kwa kifupi: kama kazi yako ni kuzalisha kirusi kiwe kingi, Vero E6. Kama kazi yako ni kuuliza "hiki kitu kinazuia kirusi kuingia kwenye pafu la mtu?", Vero E6 peke yake itakudanganya na itakudanganya vibaya, hapo unataka Calu-3, au kama Calu-3 imekushinda basi Vero E6 zilizoongezewa kimeng'enya kinachoitwa TMPRSS2. Kwa wanyama, panya wa kawaida wa maabara usimguse kabla hujajua mwiba wa korona unaoutumia ni wa aina gani, hamsta ndo salama zaidi. Sasa sababu zake, maana bila sababu utachagua kwa bei tu.

Mwiba wa korona, ile protini inayochomoza juu ya kirusi, una kazi mbili na watu wengi wanaijua moja. Kazi ya kwanza ni kushika kipokezi kwenye seli, na kwa SARS-CoV-2 kipokezi ni ACE2. Sehemu ya juu ya mwiba, inaitwa S1, ndo yenye kile kipande kinachoshika, na mwiba mmoja unao vipande vitatu vya hivyo sababu umeundwa na nyuzi tatu zilizosokotana, kila uzi una asidi amino 1273, na kila kipande kinaweza kuwa kimelala au kimesimama, kikiwa kimelala hakishiki kitu. Kazi ya pili ni ya sehemu ya chini, S2, kuunganisha utando wa kirusi na utando wa seli ili jinomu imwagike ndani. Na S2 haifanyi kazi mpaka mwiba ukatwe. Meli kutia nanga nje ya bandari yetu sio kwamba mzigo umeshashuka, na kwa korona ni hivo hivo, kushika ACE2 ni nanga tu, anayeshusha mzigo ni kimeng'enya kinachokata.

Kukata kwenyewe kunatokea mara mbili. Mara ya kwanza ni pale S1 inapokutana na S2, kuna herufi za asidi amino PRRAR, na kimeng'enya kinaitwa furini kinakata hapo wakati kirusi bado kinatengenezwa ndani ya seli kilikozaliwa. Mara ya pili ni chini kidogo kwenye S2 yenyewe, baada ya kushika ACE2, na hapa ndo kuna njia mbili ambazo zinaamua kila kitu kwenye swali la huyu mdogo wetu. Njia ya kwanza: TMPRSS2, kimeng'enya kinachokaa juu ya uso wa seli, kinakata pale pale na kirusi kinaingia haraka bila kuzunguka. Njia ya pili: kama TMPRSS2 haipo, seli inakimeza kirusi ndani ya kifuko, endosomu, kifuko kinakuwa na asidi, na humo kuna katepsini L inayokata. Njia zote mbili zinafika, lakini dawa inayoziba moja haizibi nyingine.

Sasa linganisha. Vero E6 ni seli za figo ya tumbili wa kijani wa Afrika, ndugu wa hawa hawa wanaotusumbua mashambani, ukoo wao wa Vero ulianza kukuzwa Japani mwaka 1962 na ziko karibu kila maabara ya virusi duniani. ACE2 wanayo kibao, na pale mwiba unaposhika ACE2 ya tumbili inafanana sana na ya mtu, kwahiyo kushika hakuna shida. Lakini TMPRSS2 kwao ni kama haipo. Maana yake kirusi kwenye Vero E6 kinapita njia ya endosomu. Alafu Vero wamepoteza jeni za intaferoni ya aina ya kwanza, ile kengele ambayo seli inapiga ikivamiwa, ndo maana kirusi kinazaliana humo kwa raha. Calu-3 ni seli za saratani ya pafu la binadamu, zina ACE2 na TMPRSS2 za kwao wenyewe bila mtu kuziongeza, kengele yao inapiga, na kirusi kinaingia kupitia juu kama kinavyofanya kwenye njia ya hewa ya mtu.

Kama unaona hayo ni mambo ya vitabuni, angalia klorokwini ilivyokwenda mwaka 2020, maana kisa chote kimo humo. Februari mwaka ule watafiti wa Wuhan walitoa karatasi, walijaribu dawa kadhaa kwenye Vero E6 na klorokwini ikazuia vizuri kabisa, dozi ya kupunguza maambukizi kwa nusu ilikuwa mikromola 1.13 tu, kiwango kidogo ambacho kilitia watu moyo. Dunia ikalipuka. Sisi huku klorokwini tunaijua toka utoto, ile iliyokuwa inawasha mwili mzima, kwahiyo hata mtaani watu walianza kuiulizia. Machi 28 mamlaka ya dawa ya Marekani ikatoa kibali cha dharura. Juni 15 ikakifuta. Jaribio kubwa la Uingereza, RECOVERY, liliweka wagonjwa 1561 kwenye haidroksiklorokwini na 3155 kwenye matibabu ya kawaida, na ndani ya siku 28 walifariki asilimia 27 kwa 25, yani hakuna faida yoyote.

Ilikuwaje? Klorokwini inafanya nini kwenye seli: inaingia kwenye vile vifuko na kupunguza asidi. Asidi ikipungua katepsini L haikati. Kwenye Vero E6 mlango pekee ni huo, umeufunga, kirusi kimekwama, takwimu zinapendeza. Kundi la Hoffmann na Pöhlmann kule Göttingen, Ujerumani, likachukua dawa ile ile likaiweka kwenye Calu-3, na kirusi kikaingia kama hakuna kilichotokea, sababu TMPRSS2 iko juu ya uso wa seli na haihitaji asidi yoyote. Kundi hilo hilo mapema mwaka ule lilikuwa limeonyesha kwamba kamostati, dawa inayozuia TMPRSS2, inakata maambukizi kwenye seli za mapafu. Hakuna mtu aliyepika data, kirusi ni kile kile na dawa ni ile ile, seli tu ndo tofauti.

Sasa mrudie mdogo wetu na dondoo zake. Majani yana mamia ya kemikali, na zipo nyingi kwenye mimea zenye tabia ya kupunguza asidi ya vifuko, alkaloidi hasa. Akipima kwa Vero E6 peke yake kuna hatari kubwa dondoo ikaonekana dawa ya ajabu kwa sababu ile ile ya klorokwini, akaandika tasnifu, gazeti likachukua, na watu wakaanza kunywa. Hii inaniuma kwa kweli, maana watu wetu wanayaamini haya majani, na imani yao inastahili kipimo cha haki, sio kipimo kinachosema ndio kwa kila kitu.

Jinsi ya kujua kama seli zako zinakwambia ukweli ni kuweka vidhibiti viwili ambavyo vinapingana. Cha kwanza kamostati. Cha pili E-64d, hii inazuia katepsini. Kwenye Calu-3 kamostati izuie na E-64d isifanye kitu cha maana, kwenye Vero E6 iwe kinyume chake. Ukiona Calu-3 zako zinazuiwa na E-64d kuliko kamostati, simama, labda seli zimechoka kwa kupandikizwa mara nyingi mno, au umepewa seli ambazo sio zenyewe, au mwiba unaotumia ni wa Omikroni, nitaufikia huo. Ukishaona vidhibiti vinakaa sawa ndo uweke dondoo.

Na kabla ya kwenda mbali: kirusi hai cha SARS-CoV-2 kinataka maabara ya usalama daraja la 3, kwahiyo mwanafunzi wa masta asijidanganye atakifuga pembeni ya meza. Kinachofaa ni virusi feki, yani ganda la kirusi kingine kilichoondolewa uwezo wa kuzaliana, kimevalishwa mwiba wa korona na ndani kina jeni ya lusiferasi, kimeng'enya kinachotoa mwanga. Kikiingia kwenye seli, seli inatoa mwanga, unapima mwanga. Daraja la 2 linatosha. Uzuri wake ni kwamba kinapima kuingia tu, hakuna kingine, na swali lake ndo hilo. Atengeneze na kundi la pili la virusi feki lile lile ganda, ila badala ya mwiba wa korona avalishe protini ya G ya kirusi kingine cha mifugo kinachoitwa VSV, ambayo haitumii ACE2 na inapita kwenye endosomu yenye asidi. Dondoo ikizuia yote mawili sawa sawa, basi huna ushahidi kwamba inashika mwiba wa korona, huenda ama inaharibu asidi ya vifuko, ama inaua seli, ama inazima lusiferasi yenyewe. Hiyo ya mwisho inawapata sana watu wa mimea, polifenoli kibao zinaizuia lusiferasi, mwanga unashuka na mtu anashangilia. Kwahiyo chukua seli ambazo zinatengeneza lusiferasi tayari, wawekee dondoo, uone mwanga unashuka au la. Na kipimo cha sumu kwa seli kifanyike siku ile ile, dozi zile zile.

Tanini nazo nizitaje. Kuna vipimo vya sahani ambapo unaweka kipande cha mwiba upande mmoja na ACE2 upande mwingine, bila seli, unaangalia kama dondoo inawatenganisha. Rahisi, inaisha siku moja, inavutia. Lakini tanini zinagandamana na protini yoyote ile, kwahiyo dondoo ya majani yenye tanini itatenganisha kila kitu. Tumia kama nyongeza, usijenge hoja yako hapo.

Upande wa maisha ya kila siku Vero E6 inashinda na lazima niseme. Inakua haraka, unaigawa mara mbili kwa wiki, inavumilia makosa. Calu-3 ni mzigo: inakua taratibu, inajikusanya visiwa visiwa, inang'ang'ania flaski mpaka unachoka kuibandua, wiki inaweza kuisha hujapata sahani iliyojaa. Kwa unyevu wa Tanga flaski inayokaa siku nyingi kwenye inkubeta ni flaski inayosubiri ukungu, na umeme ukikatika usiku seli zinazokua taratibu ndo zinazochelewa zaidi kurudi sawa. Ndo maana nikasema kama Calu-3 imekushinda chukua Vero E6 zilizoongezewa TMPRSS2, zilitengenezwa na Wajapani na karatasi yake ilitoka mwaka 2020. Zinakua kama Vero na mlango wa juu zinao. Sio pafu, intaferoni bado hamna, lakini kwa swali la kuingia tu zinakutoa kwenye mtego wa klorokwini. Kwa hela ya aina moja, mi ningemwambia achukue hizo, alafu dondoo moja au mbili zitakazobaki azipeleke kwenye maabara yenye Calu-3 kwa makubaliano.

Omikroni sasa. Mwiba wake umebadilika sehemu nyingi, unashika ACE2 vizuri lakini hautegemei TMPRSS2 kama wale wa mwanzo, unapenda zaidi njia ya endosomu. Ndo sababu kwenye Calu-3 unaingia kwa unyonge, na watafiti wa Hong Kong walipoweka kirusi kwenye vipande vya tishu za binadamu waliona Omikroni inazaliana haraka sana kwenye bronkasi, ile mirija mikubwa ya hewa, na taratibu zaidi kwenye tishu ya pafu lenyewe kuliko kirusi cha mwanzo. Maana yake kwa chaguo lako: usipime kwa mwiba mmoja. Weka wa zamani wenye badiliko la D614G na wa Omikroni, na matokeo uyaandike kwa kila mwiba na kila seli, sio kuyachanganya.

Tuje kwa wanyama. "Panya si wapo wengi tu?" Wapo, ila mwiba wa mwanzo haushiki ACE2 ya panya. Mwaka 2020 mwanzoni kabisa Wuhan walichukua seli za HeLa, ambazo hazina ACE2 yao ya maana, wakazipa ACE2 za wanyama tofauti moja moja: ya mtu, ya popo, ya fungo, ya nguruwe, ya panya. Kirusi kikaingia kwenye zote isipokuwa za panya. Sababu iko kwenye herufi chache tu za protini, nafasi ya 353 mtu ana lisini na panya ana histidini, nafasi ya 31 mtu ana lisini tena na panya ana asparajini, hizo ni sehemu ambazo mwiba unakanyaga hasa. Ukimpulizia panya wa kawaida kirusi cha mwanzo haumwi, ukampa dondoo "akapona", umepima hewa.

Lakini mwiba nao unabadilika. Mabadiliko yanayoitwa N501Y, asparajini ya nafasi ya 501 kuwa tairosini, yanaufanya ushike ACE2 ya panya, na yalitokea yenyewe pale kirusi kilipopitishwa panya kwa panya maabara, alafu yakaonekana kwa watu kwenye Beta na baadae Omikroni, ndo maana hizo zinaweza kumwambukiza panya wa kawaida. Kwahiyo jibu la "panya anafaa?" linategemea unatumia mwiba gani. Kuna na panya waliopandikizwa ACE2 ya mtu, K18-hACE2, walitengenezwa enzi za SARS ya kwanza, hawa wanaumwa kweli kweli mpaka wanakufa, tatizo ACE2 yao imewekwa mahali pengi isivyo kawaida na kirusi kinawaingia kwenye ubongo. Kuzuia kifo cha panya aliyekufa kwa ubongo sio sawa na kuzuia nimonia ya mtu.

Hamsta wa Siria ana ACE2 ambayo mwiba unaishika bila kubadilishwa chochote. Ukimwambukiza kirusi cha mwanzo anapungua uzito kama asilimia 10 ndani ya wiki moja, pafu linaharibika, alafu anapona ndani ya wiki mbili, na anamwambukiza mwenzie aliye kwenye kizimba kimoja. Hata Januari 2022 Hong Kong walilazimika kuua hamsta na wanyama wengine wadogo karibu 2,000 wa maduka ya wanyama baada ya Delta kuonekana humo. Kwa hamsta uzito wa kila siku peke yake unakwambia dawa inafanya kazi au la. Angalizo, Omikroni kwa hamsta ni nyepesi, uzito haushuki sana, kwahiyo hapo kipimo chako kinapotea na itabidi upime wingi wa kirusi kwenye pafu.

Na kuna nguruwe, ambaye simpendekezi kwa kazi hii ila anafundisha. ACE2 yake mwiba unaishika, seli zilizopewa ACE2 yake zinaambukizwa, lakini Wachina walipowapulizia nguruwe wazima kirusi, kwenye karatasi iliyotoka mwaka 2020, hawakuambukizwa. Kuku na bata hivyo hivyo hawakuambukizwa, mbwa kidogo sana, paka ndio, na akamwambukiza paka mwenzie. Wale wanaokupa jedwali la kompyuta linalopanga wanyama kwa jinsi ACE2 zao zinavyofanana na ya mtu, lipokee kama orodha ya wa kuanza kuwapima, sio jibu.

Jambo la mwisho kwa yule atakayefika kwenye kirusi hai kwa kushirikiana na maabara kubwa. Uliza kirusi wanachokupa kimezalishwa kwenye seli gani. Kwenye Vero E6 ile sehemu ya furini haina kazi sana, kwahiyo kirusi kinachoipoteza kinashinda mbio, na baada ya kupandikizwa mara chache tu chupa inaweza kujaa kirusi kisicho nayo. Maabara moja ya Galveston, Texas, ilitengeneza makusudi kirusi kisicho na herufi za PRRA: kwenye Vero E6 kikazaliana vizuri zaidi, kwenye Calu-3 kikadhoofika, na hamsta hawakuumwa vile. Sasa fikiria umepewa chupa ya hivo bila kujua, umempa hamsta pamoja na mchaichai wako, hamsta kanenepa. Kwahiyo kabla ya chochote soma jinomu ya kirusi eneo la herufi ya 23,600 kati ya zile karibu 29,900, na kama utaona RRAR imekatika au R imebadilika hata kwenye sehemu tu ya virusi vilivyomo, rudisha chupa uombe iliyozalishwa kwenye Calu-3 au Vero zenye TMPRSS2.